Tupeane uzoefu: stiki iliyojificha nyuma ya runinga ya mgongo wa chuma, waifai inakata na joto linapanda

Fundi_Umoja
Wenye runinga ya ukutani iliyo na mgongo wa bati, leteni mliyoyaona. Naanza na hali ya kawaida kwenye fleti zetu. Runinga ni ya inchi 43, breketi ni ile nyembamba, na ukutani imebaki nafasi ya vidole viwili tu. Mlango wa HDMI uko katikati ya mgongo. Stiki ya kutazamia filamu za intaneti ikichomekwa hapo inalala sambamba na bati upande mmoja, na upande wa pili ina ukuta wa mawe. Ruta iko sebuleni humohumo, mita nne mbele ya kioo, lakini mawimbi yake hayapenyi bati. Yanayofika kwenye stiki ni yale yaliyogonga kuta na kuzunguka. Antena nayo ni ndogo, iko ndani ya plastiki, na chuma kikiwa karibu hivyo huivuruga. Ndiyo maana simu ukiishika mbele ya kioo inaonyesha waifai imejaa, huku filamu inazungusha kile kiduara tu. Kuna aliyejaribu adapta ya ekstensheni ya HDMI, ile ya kuitoa stiki nje ya mgongo?

Mama_Wawili_Roysambu
Hata yangu inakata, hasa mvua ikinyesha. Chaneli zinaganda picha kabisa. Niweke hiyo adapta nyuma ya dekoda?

Fundi_Umoja
Hapana mama, hiyo yako ni antena ya dekoda au sahani. Kagua waya wa juu na viungio vyake kama vimeingia maji. Adapta hii ni ya stiki pekee.

Kijana_wa_Pipeline
Dawa ni kuhamisha stiki kwenye gigahezi 2.4, inapenya kuliko 5. Hakuna haja ya kununua kitu.

Dada_Mitandao
Kwa kuta umesema kweli, kaka. Kwa hali hii, nusu tu. Mlango wa HDMI wenyewe unaweza kutoa kelele za redio zinazosumbua masafa ya 2.4, na stiki imeugusa. Tena kwenye jengo la ghorofa kila jirani ana ruta yake kwenye masafa hayohayo. Rimoti nyingi za stiki zinatumia Bluetooth, nayo iko 2.4. Kwa hiyo rimoti ikianza kuchelewa siku zilezile waifai inakata, usianze kuwapigia watu wa intaneti. Angalia kwanza stiki imekaa wapi.

Ekstensheni ya HDMI, upande mmoja dume na mwingine jike, inasaidia kwa sababu inaiondoa stiki kwenye mlango na kwenye kivuli cha bati. Haiongezi nguvu ya mawimbi hata kidogo. Kile kipande kifupi kinachokuja na baadhi ya stiki kinatosha kama mlango uko pembeni. Mlango ukiwa katikati, kama wa Fundi, stiki itabaki imefichwa. Tafuta ya sentimita 30 hivi, ncha yake itokeze nje ya ukingo.

Pima kabla na baada. Kwenye Fire TV ingia `Settings`, kisha `Network`, simama juu ya jina la waifai yako na ubonyeze kitufe cha kucheza na kusimamisha. Kiwango kisipobadilika, tatizo lako ni lingine.

Mzee_Kayole
Na joto je? Yangu inawaka vizuri, baada ya kama saa moja inajizima na kujiwasha.

Fundi_Umoja
Hapo ndipo unapozitofautisha, mzee. Kivuli cha chuma kinasumbua tangu unapowasha. Joto linasubiri. Stiki ikikosa hewa inapunguza kasi yake ili isiungue, picha inakwama, mwishowe inajizima. Ichomoe ipoe dakika 20. Ikirudi sawa halafu ianze tena baada ya muda uleule, shaka joto. Ukiitoa kwa ekstensheni, ining'inize chini au ubavuni. Usiielekeze juu, maana hewa moto ya runinga inapanda huko. Na usiibandike kwa gundi juu ya bati, utakuwa umerudi ulikotoka.

Dada_Mitandao
Mzee, kagua pia umeme. Ukiwa umechukua umeme kwenye USB ya runinga, milango mingi hutoa miliampia 500 tu, na stiki nyingi zinataka ampia 1 kwa volti 5. Hiyo nayo huifanya ijiwashe upya, na ekstensheni haitaitibu. Tumia chaja yake ukutani.

Kijana_wa_Pipeline
Sawa, nimeinunua Luthuli, ya mita moja. Waifai imepanda kweli, lakini sasa picha ya 4K inapepesa na kuwa nyeusi sekunde moja.

Dada_Mitandao
Mita moja ni ndefu kwa kazi hii, na kila kiungio kinapunguza ubora. Kwa 4K ya fremu 60 unahitaji waya uliotengenezwa kubeba gigabiti 18 kwa sekunde. Shusha hadi 1080p kwenye mipangilio ya picha. Kupepesa kukiisha, ni waya.

Kijana_wa_Pipeline
Nimeshusha. Kumepungua, hakujaisha. Kuna mwenye fupi ambayo haipepesi kabisa kwa 4K?