Mchoraji kaniharibia picha ya marehemu bibi: tabasamu la nusu limekuwa kicheko, na sasa anamkata mtu jicho!

Mjukuu wa Pangani (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie.

Bibi yangu aliacha picha moja tu ya maana, ya studio, nyeusi na nyeupe. Amevaa kanga, kipini puani, hereni moja inaonekana. Midomo imefungwa, lakini kuna kitabasamu cha upande mmoja ambacho kila aliyemjua anakitambua. Macho yako karibu na kamera ila hayakuipata sawasawa, kama vile mpiga picha kasema neno na yeye anamsikiliza. Basi. Ndiyo bibi yule.

Nikampa mchoraji wa penseli mmoja hapa mjini aichore kwenye A3, nikalipa advansi. Akaniambia nimwandikie maelezo pamoja na picha kwa sababu nakala niliyomtumia ilikuwa na ukungu kidogo. Nikaandika hivi, nanukuu: "Anatabasamu kidogo, anaangalia pembeni kidogo, tafadhali uso usibadilike."

Leo nimeletewa kazi. Kanga safi, nyuzi za pindo unazihesabu. Hereni ina mng'ao. Lakini usoni! Mashavu yamevimba, pembe zote mbili za mdomo ziko juu kama tangazo la dawa ya meno, na macho yanamkata jicho mtu aliyesimama mlangoni. Mama kaiangalia akauliza, "Huyu nani?" Nimempigia fundi ananijibu: "Si uliandika anatabasamu, anaangalia pembeni? Nimefanya ulivyosema." Anataka amaliziwe hela yake.

Sasa niambieni, mtu unaelezaje sura kama ile hadi mwenye penseli asipate pa kujifichia?

Chapakazi:
Usimalizie hata shilingi. Peleka kwa mtendaji wa mtaa, risiti si unayo?

Nukta Nyeupe:
Pole mkuu. Suala la macho ni dogo: angalia ile nukta nyeupe ya mwanga ndani ya jicho. Ilipo nukta ndipo anapoangalia. Mwambie fundi aihamishe, macho yatarudi.

Penseli Butu:
Mimi ni mchoraji, nitawatetea kidogo wenzangu msije mkanirushia mawe. Tabasamu la upande mmoja tunaliogopa. Ukilichora lilivyo, mteja anakuja juu: "Mbona umempinda mama mdomo, kama kapata kiharusi?" Yamenikuta. Kwa hiyo mkono unajisawazishia wenyewe, unapandisha na pembe ya pili ili uso ukae sawa. Mteja akiandika "anatabasamu" ndiyo kabisa, maana neno hilo kila mtu ana picha yake kichwani, na yangu ina mashavu.

Mjukuu wa Pangani:
Penseli Butu, kwa hiyo unanilipisha woga wako?

Mzee wa Mkaa:
Nimechora sura za watu muda mrefu, nyingi za marehemu. Mleta mada, punguza jazba ufanye kazi ndogo. Toa kopi ya picha ya bibi iliyokuzwa mpaka uso ulingane na ule wa mchoro. Kwenye kila jicho pima kwa rula weupe wa upande huu, duara jeusi, na weupe wa upande wa pili. Halafu pima mdomo: kutoka kati hadi kila pembe, na kila pembe imepanda kiasi gani. Usipime kwa kufuata ukingo wa karatasi, kichwa chake kinaweza kuwa kimeinama. Piga mstari kupitia pembe za ndani za macho mawili, kisha ushushe mstari sambamba na huo upite katikati ya mdomo, pale midomo inapokutana. Huo ndio usawa wako. Usiandike kushoto wala kulia, maana kushoto kwako ni kulia kwake na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Andika upande wa kipini na upande wa hereni.

Nukta Nyeupe, umeigusa nusu. Nukta ile inasema taa ilikuwa wapi. Jicho likigeuka, duara jeusi linasogea sana na nukta inasogea kidogo tu, kwa hiyo umbali kati ya hivyo viwili unasaidia ukiwa na picha mbili za kikao kimoja. Kwa picha moja, ukihamisha nukta umehamisha taa, bibi bado anaangalia kulekule.

Mama Twaha:
Afadhali yenu ya penseli. Mimi ya harusi yangu mpiga picha alisema "mamaa, cheka kidogo," nikacheka, picha zote nimefumba macho. Alikataa kurudia. Nifanyeje?

Chapakazi:
Mama Twaha, olewa tena 😂

Mjukuu wa Pangani:
Mzee wa Mkaa, shikamoo. Nimepima, na sasa nimechanganyikiwa zaidi.

Jicho la upande wa hereni kwenye picha: weupe wa karibu na pua milimita 11, duara jeusi 12, weupe wa nje 6. Kwenye mchoro: 11, 12, 6. Zilezile! Jicho la pili nalo linafanana. Yaani macho kayanakili vizuri, na bado kwenye picha bibi yuko na mimi, kwenye mchoro anamkata mtu jicho. Inawezekanaje?

Mdomo kwenye picha: kati hadi pembe ya upande wa hereni milimita 28, haijapanda kabisa. Upande wa kipini 22, imepanda 2. Kwenye mchoro ni 27 kwa 27, na zote zimepanda 4.

Mzee wa Mkaa:
Marahaba. Kabla sijajibu, nipimie pua. Ncha yake iko chini ya katikati ya macho, au imeegemea upande?

Mjukuu wa Pangani:
Kwenye picha imeegemea upande wa kipini, kama milimita 4. Kwenye mchoro iko katikati barabara. Na sikio la upande wa hereni, ambalo kwenye picha linaonekana lote, kwenye mchoro limebaki nusu.

Mzee wa Mkaa:
Basi umemkamata. Macho hajayaharibu, kaharibu kichwa.

Bibi alikaa ameugeuzia uso upande wa kipini kidogo, kisha macho yakarudi upande wa hereni kuelekea kamera. Mgeuko wa kichwa na mgeuko wa macho vinakaribia kufutana, kinachobaki ni kile kidogo unachosema kama anamsikiliza mpiga picha. Mchoraji kaunyoosha uso utazame mbele, akaacha macho yalivyo. Kichwa kikinyooka hakuna tena cha kuyafuta macho, yanakwenda pembeni moja kwa moja. Mwingereza William Hyde Wollaston aliandika jambo hili mwaka 1824: alionyesha kwa michoro kwamba macho yaleyale, bila kuguswa, ukiyabadilishia pua na sehemu ya chini ya uso yanaonekana kuangalia kwingine. Jaribu mwenyewe. Kata karatasi uache tundu la macho tu, weka juu ya picha, halafu juu ya mchoro. Ukiziba pua, utaona macho yanafanana.

Ndiyo maana maneno "anaangalia pembeni kidogo" hayamsaidii mtu. Pembeni ya nini, ya kichwa au ya kamera? Hivyo ni vitu viwili na vyote lazima viandikwe.

Mdomo nao umeharibiwa na kosa hilohilo. Upande wa kipini ndio ulio mbali na kamera, kwa hiyo nusu ile ya mdomo inaonekana fupi, 22 kwa 28. Katika ufupi ule, milimita 2 za kupanda zinaonekana. Yeye kaurefusha mpaka 27, tabasamu likapotea kwa kutandazwa, akaona halionekani, akaongeza kimo. Kisha akapandisha na pembe ya upande wa pili.

Penseli Butu:
Hiyo ya kurefusha halafu kuongeza kimo… nimejiona. Lakini mzee, hata akiandikiwa vipimo, milimita 2 kwa penseli ya 4B ni upana wa mistari miwili. Mkono ukiteleza imekwisha.

Mzee wa Mkaa:
Ndiyo maana usitumie 4B kwenye pembe ya mdomo. HB iliyochongwa, na pembe yenyewe haina mstari, ni kivuli kidogo tu kinachofifia. Ukiikaza kwa mstari mweusi, mtu anasoma kicheko hata kama vipimo ni sahihi.

Mleta mada, mwandikie hivi, neno "tabasamu" lisiwemo:

"Kichwa kimegeukia upande wa kipini: ncha ya pua milimita 4 kutoka katikati ya macho, sikio la hereni laonekana lote. Macho yamerudi upande wa hereni. Weupe mkubwa uko upande wa kipini katika kila jicho. Midomo imefungwa, haijabanwa. Pembe ya upande wa hereni imelala. Pembe ya upande wa kipini imepanda milimita 2, mkunjo unaotoka puani umeingia ndani zaidi upande huo tu. Kope za chini zimetulia, hazijasukumwa na mashavu."

Hiyo ya kope za chini ihakikishe kwenye picha, sijaiona. Mashavu yakipanda kwa kicheko, kope ya chini inapanda nayo na jicho linapungua. Kama kwenye picha kope imelala, mashavu ya kwenye mchoro hayana pa kutokea.

Mjukuu wa Pangani:
Nimeiangalia. Upande wa hereni imelala. Upande wa kipini kuna kivuli, sijui ni kope au ni picha kuchakaa.

Mzee wa Mkaa:
Tafuta picha yenyewe ya karatasi, uishike ikiwa imelala chini ya mwanga wa dirisha. Mkwaruzo utang'aa, kivuli cha picha hakitang'aa. Kama hujapata jibu, mwandikie aache hapo pepesi.

Nukta Nyeupe:
Mimi bado nasema picha inatosha. Maneno mengi yanamchanganya fundi. Ampe picha nzuri, anyamaze.

Penseli Butu:
Picha alipewa, Nukta. Pua kainyoosha vilevile.

Mjukuu wa Pangani:
Taarifa: fundi nimemtumia maelezo ya mzee pamoja na kopi yenye mistari. Kwanza kanuna, baadaye kasema kichwa hakifutiki, karatasi itachanika, lazima aanze upya, na kuanza upya ni hela nyingine. Nimemwambia hela nyingine hakuna. Tumeachia hapo.

Na shangazi naye kaleta jipya. Anasema bibi hakuwa akitabasamu. Alikuwa na pengo upande ule na alizoea kuvuta mdomo kulificha.

Mama Twaha:
Sasa si ndiyo ungemwandikia hivyo fundi, anaficha pengo?

Mzee wa Mkaa:
Hapana mama. Ukimwandikia pengo, atachora pengo.