Chatiboti ya kubuku vipindi inachanganya siku na saa, hasa "Ijumaa ijayo"

Neema, Toronto

Habari zenu jamani, poleni kwa barua ndefu. Kuna ile chatiboti niliyoiunganisha kwa ajili ya vipindi vya Kiswahili vya watoto, mwalimu yuko Nairobi, wazazi wametapakaa Berlin na huku Toronto. Mzazi anaandika anavyoongea, modeli ya lugha inasoma, inatoa tarehe na saa, kipindi kinaingia kwenye kalenda. Mtu akiandika "25 Oktoba 2025, 17:00" haina neno, ila nani anaandika hivyo?

Alhamisi tarehe 23 mama mmoja wa huku aliandika saa tano na dakika arobaini usiku, "naomba kesho saa kumi na moja jioni", akawekewa Jumamosi. Mwingine Jumatatu aliandika "Ijumaa ijayo" akapewa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, na yeye alikuwa anaongelea ile ya wiki ya pili. Nimeiandikia modeli maelekezo iwe makini na tarehe, sasa inakosea vilevile ila kwa adabu zaidi 😅. Mwenye ujuzi anisaidie.

Juma

Dada Neema mbona rahisi hiyo, weka kila kitu UTC, ile saa moja ya dunia nzima. Seva UTC, databesi UTC, ukimwonyesha mtu ndo unabadilisha. Kazini kwetu tunafanya hivyo na hatujawahi kuumwa kichwa.

Rehema, Berlin

Juma kaka yangu, nusu ya njia umefika, lakini huyo mama ni hiyohiyo UTC iliyomwangusha. Angalieni, Alhamisi 23:40 Toronto, kwa UTC tayari ni Ijumaa 03:40. Seva inajiona iko Ijumaa, inasoma "kesho", inaongeza siku moja, inapata Jumamosi. Hapo hakuna kilichoharibika, imehesabu sawasawa kutoka kwenye leo isiyo ya mama.

Kwa hiyo Neema, kabla ujumbe haujasomwa, "leo" ichukuliwe kwenye zoni ya aliyeandika:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo
leo = datetime.now(ZoneInfo("America/Toronto")).date()
```

Zoni muulize mzazi mji wake siku anajiandikisha, usikisie kwa namba ya simu, wengi humu tumehama nchi na namba tumebaki nazo.

Na la pili, modeli usiipe kazi ya kuhesabu kalenda. Ni nzuri kuelewa mtu kasema nini, ila kuhesabu siku mbele inabahatisha, leo inapatia kesho inakosa, na ikikosa inakujibu kwa uhakika uleule. Iambie ikutolee maneno tu ilivyoyasikia:

```json
{"siku": "Ijumaa", "neno": "ijayo", "saa": 11, "sehemu": "jioni"}
```

Tarehe itafutwe na programu ya kawaida. Faida yake ni kwamba kosa likitokea unaona limetokea wapi. Kama kwenye hayo maneno imeandika Jumanne na mtu alisema Ijumaa, modeli imesikia vibaya. Kama maneno ni sahihi na tarehe siyo, basi shida iko kwenye hesabu yako, unairekebisha mara moja inakaa.

Mzee Hamisi

Watoto wangu hamjambo. Mimi nilibuku miadi mahali fulani ya karatasi zangu, mashine ikaniandikia 05/11, nikaenda tarehe 5 Novemba, wananiambia ilikuwa tarehe 11 Mei imeshapita. Hii chatiboti ya Neema inaweza kunibukia miadi mingine? Nahitaji kabla ya Desemba.

Neema

Shikamoo mzee. Hapana, hii ni ya vipindi vya watoto tu, lakini kuhusu hiyo 05/11 umenisaidia, nilikuwa nathibitisha kwa namna hiyohiyo. Nabadilisha iandike "Ijumaa, 7 Novemba 2025", jina la siku na la mwezi yote.

Rehema, na saa zenyewe? Mtu akiandika "saa 10" tu?

Otieno

Hapo mimi nina langu. Watoto wetu, na sisi wenyewe tukishakaa huku, "saa 10" tunaandika tukimaanisha 10:00 ya kwenye simu, na mama mkwe wangu akiandika hivyohivyo ni 16:00. Mimi nimeweka sheria hizi kwenye mfumo wa kanisa letu: ikiwa na nukta mbili, 10:00, soma kama ilivyo. Ikiwa na asubuhi, mchana au jioni ongeza 6, kwa hiyo saa kumi jioni ni 16:00. Usiku ongeza 18, ukifika 24 au kuvuka toa 24, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00. "Saa 10 asubuhi" ni nadra kwa Kiswahili, hiyo mara nyingi ni mtu wa 10:00. Ikija "saa 10" peke yake, uliza. Angalia pia kumi na mbili, saa 12 asubuhi ni 06:00 na 12 jioni ni 18:00, ukiongeza 6 kichwakichwa asubuhi inakuwa jioni.

Kilichonishinda ni "Jumamosi saa nane usiku". Ni usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Nimeulizia watu, kila mtu na lake.

Rehema

Hiyo uliza tu, tena kwa maneno hayohayo ya kuamkia, watu wanaelewa haraka.

Juma, narudi kwenye UTC yako. Kwa kitu kilichokwisha kutokea ni sawa kabisa. Kwa kipindi cha kila wiki kijacho itakuumiza. Chukueni kipindi cha pamoja cha Jumamosi, mwalimu anafundisha 17:00 Nairobi. Tarehe 25 Oktoba Berlin ni 16:00 na Toronto 10:00. Usiku wa kuamkia tarehe 26 sisi Ulaya tunarudisha saa nyuma, kwa hiyo tarehe 1 Novemba Berlin inakuwa 15:00 na Toronto bado 10:00. Toronto wanarudisha tarehe 2, tarehe 8 inakuwa 9:00 kwao. Nairobi haijasogea hata kidogo.

Juma

Sasa si ndo UTC hiyo, 14:00 kila wiki?

Rehema

Hapo imekubali kwa sababu Nairobi haibadilishi saa. Sasa mzazi wa Berlin akabuku kipindi chake binafsi, "kila Jumamosi 16:00 kwangu", ukaweka 14:00 UTC, tarehe 1 kitaanza 15:00 kwake, mtoto bado yuko mpirani. Neema, hifadhi saa ya ukutani pamoja na jina la zoni ya mwenye saa, `16:00` na `Europe/Berlin`, UTC itafutwe kwa kila kipindi. Na usihifadhi `+02:00`, hiyo ni ya kiangazi tu. Ila mwalimu ajulishwe, maana kwake kinasogea kutoka 17:00 hadi 18:00, asije akawa na mtoto mwingine.

Neema

Nimekuelewa dada. Na Ijumaa ijayo?

Rehema

Mimi kama ni Jumatatu na mtu kasema "ijayo" sichagui kabisa, naonyesha zote mbili na tarehe zake, mtu abonyeze. "Ijumaa hii" naipa ya karibu. "Ijumaa ya wiki ijayo" naipa ya wiki ya pili bila kuuliza.

Otieno

Na Jumapili je? Kalenda za Toronto wiki inaanza Jumapili, za Berlin Jumatatu. Mtu wa Toronto akiandika Jumapili "Ijumaa ya wiki ijayo" ni baada ya siku 5 au 12?

Rehema

Mimi ningesema 5.

Neema

Mimi niko Toronto na ningesema 5 pia, lakini mume wangu hapa anasema 12. Nimeongeza Jumapili kwenye orodha ya kuuliza.