PDF ifunguke skrini nzima na kurasa zijigeuze zenyewe, naomba ushauri

Zabibu_Hombolo
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu kitakuwa na banda Nanenane pale Nzuguni. Tumeandaa PDF ya kurasa 24: shamba, mavuno, ukaushaji, mvinyo na kurasa tatu za bei. Nataka ioneshwe kwenye tivii kupitia kompyuta kutwa nzima bila mtu wa kukaa anabonyeza. Sasa hivi nikiifungua inakuja na menyu, vijipicha pembeni, na ukurasa wa kwanza umeganda palepale. Nina Adobe Reader ya bure tu, Windows.

Fundi_Kizota
Hilo dogo mkuu. Ifungue kwa Chrome, bonyeza F11. Umemaliza.

Bwana_Faili
F11 itaficha vichupo vya Chrome, lakini kurasa hazitasogea. Hata kama PDF yenyewe imeagizwa ifunguke skrini nzima, Chrome haifuati agizo hilo. Baki na Reader.

Dada/kaka Hombolo, kuna vitu vinavyokaa ndani ya faili na vingine vinavyokaa kwenye kompyuta. Kufunguka skrini nzima na sekunde za kila ukurasa vinaweza kuandikwa ndani ya faili, na vitasafiri nalo. Kurudi mwanzo baada ya ukurasa wa mwisho hakuandikwi kwenye faili kabisa; ni mpangilio wa Reader ya mashine husika. Ndiyo maana mtu anaiandaa nyumbani inazunguka vizuri, akifika bandani na kompyuta ya kuazima inasimama ukurasa wa 24.

Kama kompyuta ni hiyohiyo, huhitaji kugusa faili. Bonyeza Ctrl+K, chagua Full Screen. Weka tiki kwenye "Advance every" uandike 12, kisha "Loop after last page". Kwenye "Mouse cursor" chagua mshale ufichwe. Bonyeza OK, halafu Ctrl+L. Kutoka ni Esc.

Zabibu_Hombolo
Imekubali! Ila ni kaka, sio dada 😄 Tatizo kurasa za bei zina maandishi mengi, sekunde 12 mtu hajamaliza kusoma. Na picha nikiziwekea 25 zinachosha.

Bwana_Faili
Hapo sasa ndipo faili lenyewe linapohitajika, kwa sababu mpangilio wa Reader ni sekunde zilezile kwa kurasa zote. Mwenye Acrobat ya kulipia anaingia kwenye Page Transitions anaweka Auto Flip kwa kurasa anazotaka. Usiye nayo, weka Python, andika `pip install pikepdf`, kisha endesha hii. Nimechukulia bei ziko ukurasa wa 8, 16 na 24:

```
import pikepdf
pdf = pikepdf.open("zabibu.pdf")
pdf.Root.PageMode = pikepdf.Name.FullScreen
for i, p in enumerate(pdf.pages, 1):
    p.obj["/Dur"] = 25 if i in (8, 16, 24) else 12
pdf.save("zabibu-banda.pdf")
```

Mzunguko mmoja utakuwa sekunde 327, dakika tano na ushee. Ondoa tiki ya "Advance every" ili mambo mawili yasigongane, ila "Loop" iache. Ukifungua, Reader inaweza kuuliza kama unakubali faili lichukue skrini nzima. Kubali, na uiambie ikumbuke jibu, la sivyo kila asubuhi tivii itaonesha hilo swali mbele ya wageni.

Mwanakwaya_Kondoa
Mimi nina shida kama yako. Nyimbo zetu za kanisani ziko kwenye PDF, zinaruka ubeti kabla hatujamaliza kuimba. Nizipunguzeje kasi?

Bwana_Faili
Yako ni kinyume chake: hutaki zijigeuze hata kidogo, mpiga kinanda hafuati sekunde. Jaribu faili hilo kwenye kompyuta nyingine. Likitulia, kosa ni "Advance every" ya mashine yenu. Likiruka hata huko, sekunde zimo ndani. Tumia kodi ileile, ondoa mstari wa PageMode, na ndani ya kitanzi, badala ya mstari wa 25 na 12, weka `if "/Dur" in p.obj: del p.obj["/Dur"]`.

Mama_Chang'ombe
Msisahau Windows kuzima skrini yenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, weka "Never" kwa skrini na kulala wakati chaja imechomekwa. Mwaka jana banda la jirani yetu tivii ilikuwa nyeusi kila nikipita.

Fundi_Kizota
Kwani kompyuta ya nini? Mnachomeka flashi kwenye tivii tu.

Bwana_Faili
Tivii nyingi hazisomi PDF kwenye flashi. Geuza kurasa ziwe picha za JPG, uzipe majina 01, 02, mpaka 24 zisichanganyike. Lakini hapo sekunde anapanga mwenye tivii, na zitakuwa sawa kwa picha zote.

Zabibu_Hombolo
Labda nirudie ukurasa wa bei mara mbili mfululizo kwenye hizo picha? Tivii ni ya kukodi, hata aina yake sijaijua bado.