Mdogo wangu kapata jibu sahihi, kapewa 2 kati ya 8. Aliyekosea kapewa 5. Huu ni usahihishaji au bahati nasibu?

MkaaDirishani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimechemka, mnisamehe lugha.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tano, PCM. Jana karudi na karatasi ya fizikia ya mtihani wa majaribio. Swali lenyewe hili hapa: jiwe linarushwa kutoka juu ya ghorofa la mita 20, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 juu ya mlalo. Tafuta muda hadi lifike chini, kisha umbali kutoka ukutani. Chukua g = 10. Maksi 8.

Kagawanya kasi vizuri: mlalo 17.3, wima 10. Halafu kaandika hivi:

```
20 = -10t + 5t²
t² - 2t - 4 = 0
t = 3.24 s
x = 17.3 × 3.24 = 56 m
```

Hilo ndilo jibu. Nimelirudia mara tatu, na nimelifanya kwa njia yangu nikichukua juu kuwa chanya, linatoka lile lile. Mwalimu kazungushia ile `+5t²` kwa wino mwekundu, kaandika "g ni hasi!!" (alama mbili za mshangao, kana kwamba mtoto katukana), kisha kafyeka kila kitu kilichofuata. Kapewa 2 za kugawanya kasi, basi.

Sasa sikilizeni hii. Anayekaa naye dawati moja kaandika `20 = 10t - 5t²`. Alipofika kwenye kanuni ya milinganyo ya kipeuo, chini ya kipeuo ikatoka hasi 12. Kijana akaifanya chanya 12 kimyakimya, akapata sekunde 2.73 na mita 47. Huyo kapewa 5! Kisa g yake ina hasi.

Naomba mtu aniambie mantiki iko wapi.

Kobe_wa_Pangani

Mkuu punguza hasira. Mwalimu yuko sahihi. g ni -10, hiyo ni sheria ya asili, haibadiliki kwa matakwa ya mwanafunzi. Kwenye projektaili g lazima iwe hasi. Mdogo wako kabahatisha jibu.

MkaaDirishani

Kabahatisha 3.24 na 56 zote mbili? Hiyo bahati angeipeleka kwenye mikeka.

MwalimuMstaafu_Songea

Nimefundisha fizikia ya advansi miaka mingi na nimekaa kwenye vyumba vya kusahihishia, kwa hiyo niruhusuni niseme pande zote mbili.

Ndugu Kobe, asili haina hasi. Asili inachojua ni kwamba jiwe linavutwa kuelekea chini, na ukubwa wake ni 10. Hasi au chanya inatoka kwako wewe uliyeamua upande upi uite chanya. Ukidondosha nazi mnazini unaandika `h = ½gt²`, mbona hapo huweki hasi? Kwa sababu umeshaamua chini ni chanya, hata kama hukusema.

Binti huyu kachukua chini kuwa chanya. Jiwe linaishia mita 20 chini, kwa hiyo 20 ni chanya. Lilirushwa kwenda juu, kwa hiyo 10 ni hasi. Mvuto unaelekea chini, kwa hiyo g ni chanya. Vitu vitatu, vyote vinakubaliana. Zidisha mlinganyo wake wote kwa hasi moja, unapata `-20 = 10t - 5t²`, ambao nina hakika ndio ulioandikwa kwenye mwongozo wa huyo msahihishaji. Huo ni mlinganyo mmoja uliovaa kanzu nyingine. Ningempa 8.

Rafiki yake ndiye aliyechanganya. Juu yake ni chanya kwenye 10 na kwenye g, halafu mita 20 za kwenda chini kazifanya chanya pia. Maana yake anauliza ni lini jiwe litakuwa mita 20 *juu ya paa*. Jiwe hilo halipandi zaidi ya mita 5 juu ya paa. Ndiyo maana kipeuo kiligoma: hesabu ilikuwa inamwambia "halifiki huko", yeye akaiziba mdomo.

Kobe_wa_Pangani

Sawa mwalimu, nimeelewa kwenye kudondosha. Lakini hili limerushwa juu. Linapopanda linapungua kasi, ndiyo hasi hiyo. Likianza kushuka linaongeza kasi, hapo ndipo g inakuwa chanya. Sindiyo?

MwalimuMstaafu_Songea

Nusu yake ni kweli. Wakati wa kupanda, g na kasi ya wima zina ishara zinazopingana, na ndiyo maana linapungua. Lakini likifika kileleni kinachogeuka ishara ni kasi. g inabaki vile vile mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wengi wanageuza g pale kileleni katikati ya mlinganyo mmoja, na hilo ndilo kosa ninalolifyeka bila huruma. Ukitaka kugeuza, vunja safari vipande viwili: sekunde 1 ya kupanda mita 5, kisha kudondoka mita 25 kutoka kusimama. Hiyo inatoa kipeuo cha 5, yaani 2.24. Jumla 3.24. Inakubalika kabisa.

BabaNasra

Jamani hawajatoa masi ya jiwe. Bila masi mtajuaje linachukua muda gani? Swali batili hilo, wote wapewe maksi. Na mimi mwanangu wa kidato cha pili juzi kanyimwa maksi kwenye kilimo kwa kuandika "mbolea ya samadi" badala ya "samadi". Walimu wa siku hizi wana nini?

tuisheni_ya_jioni

@BabaNasra masi inajikata mzee, upepo haujahesabiwa hapo. Hiyo ya samadi fungua uzi wake, nitakuja.

Mwalimu, mimi nasahihisha kazi za watoto wa tuisheni na kuna kosa linanitesa kuliko hayo mawili. Mwanafunzi anaandika `20 = 10t + 5t²`. Kila kitu chanya. Halafu mlinganyo unakubali! Anapata 1.24, mita 21. Namba safi kabisa, hakuna kipeuo cha hasi, hakuna kinachopiga kelele. Mwanzoni nilikuwa nawapitisha, nadhani wamekosea kikokotoo tu.

MwalimuMstaafu_Songea

Hilo ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu halijifichui. Kachukua chini ni chanya kwa 20 na kwa g, akasahau kuigeuza 10. Kwa maneno mengine kalirusha jiwe *kwenda chini*. Tazama mlinganyo sahihi una majibu mawili, 3.24 na -1.24. Hiyo 1.24 yake ni lile jibu la pili tunalolitupa, limevuliwa hasi.

Namna ya kulikamata bila kupitia mstari kwa mstari: kasi ya wima ni 10, g ni 10, basi jiwe linapanda sekunde 1 na kurudi usawa wa paa kwenye sekunde ya 2. Jibu lolote chini ya 2 haliwezekani. Kwenye 1.24 jiwe bado liko karibu mita 5 juu ya paa. Ninapokaa kusahihisha naandika hiyo "2" pembeni ya mwongozo wangu kabla sijafungua karatasi ya kwanza.

mzalendo_ughaibuni

Mimi nafundisha hesabu Uingereza. Mekanika huku, miongozo mingi inatenganisha maksi ya njia na maksi ya usahihi. Mlinganyo ukiwa na vipande vyote vinavyotakiwa, ishara ikikosewa, maksi ya njia unapata, ya usahihi unakosa. Wa 1.24 angepata: 2 za kugawanya kasi, 1 ya mlinganyo, 1 ya kuutatua, 1 ya kuzidisha na mlalo. Tano.

MkaaDirishani

Subiri. Kwa hiyo aliyelirusha jiwe chini anapata 5, na dada yangu aliyepatia anapata 2?

mzalendo_ughaibuni

Hapana, dada yako 8. Ila yule jirani yake ningempa 4. Kugeuza hasi 12 kuwa chanya 12 si ishara iliyoteleza, ni kupika.

tuisheni_ya_jioni

Na wale wa `R = u²sin2θ/g` mnawafanyaje? Ninao kila wiki. Kwa swali hili wanapata mita 34.6.

MwalimuMstaafu_Songea

Hao nawapa sifuri kwenye umbali. Fomula hiyo ni ya kurushwa na kutua usawa ule ule. Mita 34.6 ni pale jiwe linapopita usawa wa paa likishuka, bado lina mita 20 za kwenda. Ni jibu sahihi la swali ambalo halikuulizwa.

tuisheni_ya_jioni

Sifuri kabisa? Wa 1.24 hajui jiwe linaelekea wapi anapata 5, huyu anajua fomula na kaitumia bila kukosea hesabu anapata sifuri. Mimi sikubali.

MwalimuMstaafu_Songea

Wa kwanza kajenga mlinganyo wa jiwe hili, akateleza ishara moja. Wa pili mita 20 za ghorofa hakuzitumia popote. Akiwa kagawanya kasi nampa hizo 2. Lakini nakiri hata chumbani tulikuwa tunabishana hapo hadi chai inapoa.

Mkaa, swali kwako. Je, binti aliandika mahali popote kwamba chini ni chanya?

MkaaDirishani

Kuandika hakuandika. Kachora mshale kwenye mchoro, unaelekea chini, kaweka `+` pembeni. Kwa penseli.

Kobe_wa_Pangani

Aaah! Penseli!

MwalimuMstaafu_Songea

Mshale unatosha. Lakini nitamtetea kidogo mwenzangu: karatasi 200, taa hafifu, mwongozo una mlinganyo mmoja tu wenye `-5t²`. Jicho linatafuta ile hasi. Kosa lake kubwa ni kutotazama jibu la mwisho. Ukiona 3.24 na 56 unarudi juu kuuliza imepatikanaje. Mwambie aende na mlinganyo wake, auzidishe kwa hasi moja mbele yake, asiseme neno lingine.

MkaaDirishani

Mrejesho, wakuu. Kaenda leo mapumzikoni. Mwalimu kautazama mlinganyo, kaurudia kwenye kipande cha karatasi, kakaa kimya. Kampa 7. Moja kaizuia, anasema mshale wa penseli hauonekani na uamuzi wa upande lazima uandikwe kwa wino. Bado nimekasirika kuhusu hiyo moja, lakini yeye mwenyewe ananiambia niache.

Jirani yake kaomba asitajwe. Ile 5 yake kaikunja ndani ya daftari la kemia.

BabaNasra

Na ile ya samadi je?