Waranti ya nyongeza na bima ya ajali kwa laptopu: tulipe au tuachane nayo?

Baba Kabula, Buzuruga: Habari zenu wakubwa. Binti yangu anaanza chuo Malimbe na nimepata laptopu mpya hapa mjini kwa 1,650,000. Muuzaji anasema nikiongeza 310,000 napata miaka miwili ya waranti ya nyongeza pamoja na bima ya ajali, yaani ikianguka au ikimwagikiwa maji wanatengeneza. Kila tukio nachangia 120,000. Je, inalipa au nabaki na hela yangu?

Nyanda wa Igogo: Achana nayo kabisa, mkuu. Kifaa cha umeme kikiwa na kasoro ya kiwandani huwa kinaonyesha mapema, ndani ya mwaka ule wa kwanza ambao waranti ya kampuni ipo tayari. Kikivuka hapo kitadunda tu. Hela ya nyongeza ni faida ya duka.

Fundi Masalu: Nyanda, upande wa waranti umesema kweli kwa sehemu kubwa. Lakini Baba Kabula ameuliza vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na wewe umejibu kimoja. Waranti, iwe ya kampuni au ya nyongeza, inahusu kasoro ya mashine yenyewe. Chai ikimwagika juu ya kibodi siyo kasoro ya kiwanda. Hapo ni bima ya ajali, na ajali haina habari na mwaka wa kwanza wala wa tatu.

Nachukua hesabu zake mwenyewe. Laptopu ya bei hiyo, kioo kikipasuka, mimi nabadilisha kwa kama 230,000, kioo na ufundi. Akiwa na bima atachangia 120,000, kwa hiyo bima imemwokolea 110,000 tu. Ili arudishe ile 310,000 inabidi binti avunje vioo vitatu ndani ya miaka miwili, na mikataba mingi haikubali matukio mengi kiasi hicho. Kwa ajali ya kioo pekee, hailipi.

Sasa tuje kwenye maji. Bodi ikiungua na kubadilishwa ikafika 700,000, akitoa mchango wake bima imemwokolea 580,000. Hapo anatoka mbele kwa 270,000. Kwa hiyo asijiulize laptopu ina thamani gani. Ajiulize kama kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba mashine hii itapata ajali ya kuua bodi ndani ya muda wa bima. Kwa mwanafunzi anayesomea chumbani mezani, mimi sioni uwezekano huo.

Mama Neema, Kirumba: Mimi yangu iliibwa stendi ya Nyegezi nikiwa nasubiri basi, begi zima. Nilikuwa na hiyo bima na nikaambiwa hailipi. Kwa hiyo ni utapeli, msinunue.

Wakala wa Bima, Nyamagana: Pole sana Mama Neema. Lakini hapo anayeuliza anazungumzia kuvunjika na kumwagikiwa. Wizi kwa kawaida haumo kwenye bima ya ajali ya kifaa, unanunuliwa peke yake, na kusahau kwenye daladala ni kitu kingine tena. Ungeelezwa hivyo mapema kabla ya kulipa, na kutoelezwa ndiyo kosa lenyewe.

Kwa Baba Kabula: kwanza uliza nani anabeba hatari. Kama nyuma ya karatasi kuna kampuni ya bima, iwe imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na ukidhulumiwa unaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kama ni ahadi ya duka tu, siku duka likifungwa ahadi nayo imefungwa. Pili, uliza ajali inaanza kulindwa lini. Kuna mikataba inayoanza siku ya kununua, na kuna inayoanza waranti ya kampuni ikiisha. Ukipata ya pili, mwaka wa kwanza wote binti anatembea bila kinga huku umeshalipa.

Tatu, laptopu ikiharibika kabisa wanalipa bei ya kununulia au thamani ya siku ile? Wakikata uchakavu wakabakiza asilimia 60, ni 990,000, toa mchango wako unabaki na 870,000. Bado ni hela, lakini hainunui mashine kama ile.

Nyanda wa Igogo: Haya, kwenye ajali nimekuelewa. Ila bado naona aiweke 310,000 pembeni, ndiyo bima yake.

Dada Kwimba: Kaka Nyanda, hela hiyo itakaa wapi? Nyumbani kwetu hela iliyowekwa pembeni ikikutana na ada ya mdogo wake au mtu amelazwa Bugando, inaondoka, na ni haki iondoke. Mzazi asiyeweza kabisa kutoa 700,000 kwa mkupuo anapimaje kwa wastani? Anapima kwa siku ile mbaya moja ambayo binti atakosa mashine katikati ya muhula.

Fundi Masalu: Dada, hoja hiyo siipingi. Hesabu yangu ni ya mtu anayeweza kumeza hasara. Na mashine nazo zinatofautiana: zile nyembamba ambazo kila kitu kimechomelewa kwenye bodi moja, tone la soda likifika pabaya hakuna cha kubadilisha kidogo kidogo. Hizo ningezikatia bima.

Niseme jambo moja ninaloliona mezani. Mtu amemwaga soda, amefuta, ameianika juani, ikawaka, akashukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye inazima. Nikiifungua, chini ya kibodi, karibu na pale umeme wa chaji unapoingia, kuna kutu ya kijani imekula miguu ya vipande vidogo. Mwenye bima hapo ameshachelewa, kwa sababu mkataba unataka taarifa ndani ya siku chache tangu tukio. Na akiniletea mimi nifungue kwanza, anaweza kukataliwa kwa kuwa imeguswa na fundi asiye wao. Ikimwagikiwa: zima, usichomeke chaji, toa taarifa, usifungue.

Wakala wa Bima, Nyamagana: Kweli. Na kumwagikiwa siyo kuzama. Kama binti atakuwa anavuka kwenda Ukerewe na begi likaangukia ziwani, soma kama mkataba unataja kuzama. Mingine inakataa. Umeme unaorudi kwa nguvu nao ni hivyo hivyo, mmoja unalipa, mwingine haulipi.

Mwanafunzi, Malimbe: Shikamooni. Kabla ya kulipa mzee aangalie pia waranti ya kampuni imebaki kiasi gani. Mashine iliyokaa muda mrefu ghalani, au iliyoletwa kutoka Dubai, tarehe inaweza kuwa imeshaanza kukimbia, au isihudumiwe huku kabisa. Awashe PowerShell pale dukani aandike:

```
Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber
```

Namba itakayotoka aiweke kwenye tovuti ya mtengenezaji, ataona tarehe ya mwisho.

Baba Kabula, Buzuruga: Marahaba kijana, na asanteni wote. Nimerudi dukani. Waranti ya kampuni imebaki miezi tisa, siyo kumi na miwili. Ajali inalindwa kuanzia leo, tukio moja kwa mwaka, wizi na kuzama hazimo. Nikauliza ikiharibika inatengenezwa wapi, wakasema inapelekwa Dar. Inakaa huko muda gani hakuna aliyenipa jibu, na kwenye karatasi halijaandikwa.

Dada Kwimba: Hapo mimi mwenyewe nasita. Mwombe aandike idadi ya siku na aweke mhuri.