Fundi kazima taa za breki kwa kuchomoa fyuzi, kanichaji 75,000, na bajaji imenigonga nyuma

Mchovu wa Tabata

Wakuu salaam, ila leo sina salamu nyingi.

Gari yangu ni ya Kijapani, ndogo, ya mwaka 2005, gia otomatiki. Aina sitaji, nisije nikaambiwa naichafulia watu biashara. Wiki iliyopita nimeegesha saa 2 usiku. Saa 12 asubuhi nazungusha ufunguo, hata kukohoa haikohoi. Mlinzi wa jirani ndiye aliyeniambia, "Bosi, zile taa nyekundu nyuma zimewaka usiku kucha, nikajua ni ulinzi." Kweli, ufunguo ninao mkononi, mlango umefungwa, taa za breki zinawaka kana kwamba kuna mtu kakanyaga.

Nimestua kwa waya za jirani, nikaenda kwa fundi umeme mmoja hapa mtaani. Kwanza kasema ni balbu, kabadilisha mbili, 10,000. Bado zinawaka. Kaingia chini ya usukani na spana, kazungusha swichi ya pedeli mpaka jasho likamtoka. Bado. Kasema swichi imekufa, nimelipa 35,000 ya swichi nyingine. Bado. Akaomba nikanywe soda. Narudi, taa zimezimika. "Nimemaliza, bosi." Ufundi 30,000.

Kuanzia pale gia ikagoma kutoka P. Nampigia, ananiambia kuna kitobo pembeni ya gia, nichomeke ufunguo nibonyeze, eti magari ya otomatiki yakizeeka ndivyo yalivyo. Nikaamini! Siku nne nabonyeza kitobo kama mtu anayefungua kopo. Gari nayo imekuwa nzito, na rimu za mbele ukiweka mkono unaunguza.

Juzi kwenye foleni Barabara ya Mandela nimefunga breki, bajaji kanivaa nyuma. Bamba limepasuka. Nilimwona kwenye kioo anakuja, nikapiga honi, honi haina sauti. Trafiki kafika, kaniambia nikanyage breki, taa hakuna hata moja. Faini 30,000. Na dereva wa bajaji ananifokea mimi, na ana haki.

Jana nimefungua kisanduku cha fyuzi. Penye maandishi STOP/HORN pako tupu. KACHOMOA FYUZI. Ndiyo matengenezo yenyewe hayo. Naomba anayejua aniambie tatizo ni nini hasa, maana kwa yule mtu nikirudi nitarudi na mgambo.

Dereva Mstaafu

Pole sana. Taa ya breki ikiwaka mara nyingi ni mafuta ya breki yamepungua au handibreki hujaishusha yote. Angalia kikopo chini ya boneti, ukiona yako chini ya alama ongeza. Yangu ilizima hapohapo.

Mchovu wa Tabata

Mzee wangu shikamoo. Wewe unasema ile ya kwenye dashibodi. Mimi nasema za nyuma, wanazoziona wanaonifuata.

Kaka Balbu

Hiyo ni balbu, fundi alianza vizuri akaishia vibaya. Za nyuma zina nyuzi mbili, zimeandikwa 12V 21/5W. Uzi mdogo ni wa taa ndogo za usiku, mkubwa ni wa breki. Ukiweka balbu isiyo yake, au uzi ukikatika ukalalia mwenzake, umeme wa taa ndogo unavuka kwenda kwenye breki. Nimeyaona hayo mpaka nimechoka, hasa kwa wanaopachika balbu za LED za bei rahisi.

Mzee wa Testa

Kaka Balbu, hilo lipo, lakini halimhusu. Ulivyolieleza wewe, taa za breki zingewaka pale tu anapowasha taa ndogo. Yeye zimewaka usiku kucha kila kitu kikiwa kimezimwa. Umeme wa taa za breki unatoka kwenye betri moja kwa moja, haupiti kwenye ufunguo, ndiyo maana unaweza kukanyaga breki gari ikiwa imezimwa na taa zikawaka. Mbili za 21W na ile ya tatu ya kwenye kioo zinakula kama ampea 5. Betri ndogo ya ampea-saa 45, kwa muda wa saa kumi, lazima ilale.

Mwenye uzi, kabla hujanunua chochote, fanya jambo moja. Piga magoti mlangoni, vuta kapeti ya dereva, angalia chini ya pedeli ya breki. Kuna vipande vya plastiki kama maganda?

Mchovu wa Tabata

Kaka, mikono inatetemeka ninapoandika hivi. VIPO. Vidogo, rangi ya kijani iliyopauka, ukikibana kimoja kwa kidole kinasagika kama biskuti kavu. Na unajua nini? Fundi aliviona! Alivipangusa kwa kiganja, akaniambia, "Watoto wanakulia humu ndani, bosi." Sina hata mtoto.

Mzee wa Testa

Basi ugonjwa wako ndio huo, na gharama yake haifiki bei ya kuku.

Inama na tochi, fuata mkono wa pedeli kwenda juu. Utaona swichi imeelekea kwenye kibapa cha chuma kilichoshikana na pedeli. Swichi ina kipini mbele. Pedeli ikiwa imepumzika, kibapa kinakandamiza kipini kiingie ndani, na kikiwa ndani taa zimezima. Ukikanyaga, kibapa kinaondoka, kipini kinatoka, taa zinawaka. Watu wengi wanadhani kukanyaga ndiko kunakobonyeza swichi. Ni kinyume, kukanyaga kunaiachia.

Sasa kile kibapa kina tundu, na kwenye tundu mnapachikwa kidude cha plastiki, wengine wanakiita stopa, ndicho kinachogusana na kipini. Kwa joto letu na miaka yote hiyo kinakauka na kumeguka. Kikidondoka, kipini kinapenya tundu, swichi inaona kama umekanyaga mchana na usiku. Ungefunga swichi kumi mpya zingefanya hivyohivyo.

Ndiyo maana pia alipozungusha hakupata kitu. Kipini kilizidi kupenya, mwisho mwili wa swichi ukagusa chuma na kuisukuma pedeli. Hapo ndipo uzito wa gari na rimu za moto. Pedeli isiporudi yote, mafuta ya breki yanakosa njia ya kurudi kwenye kikopo, pedi zinabaki zimeng'ata diski. Ibonyeze pedeli kwa kidole gari ikiwa imezimwa. Kama haina mchezo hata kidogo kabla ya kugoma, swichi imeibana. USIENDESHE hivyo, unaweza kuishiwa breki kwa joto.

Mchovu wa Tabata

Nimebonyeza. Haina mchezo kabisa, kama ukuta. Na gia?

Mzee wa Testa

Gia haitoki P mpaka ipate taarifa kutoka kwenye swichi hiyohiyo kwamba umekanyaga. Fyuzi hakuna, taarifa hakuna. Kitobo kipo kwa ajili ya dharura kama hiyo, kuivuta gari mpaka gereji. Ukilazimika kukitumia kila asubuhi, gari inakuambia kwamba nyuma huna taa.

Bibi Upanga

Samahani kuingilia. Mimi yangu haziwaki kabisa, fyuzi inaungua. Naweka ya 10, natembea siku mbili tatu, inaungua. Fundi kaniwekea ya 30 akasema sasa haitaungua. Ni swichi hiyo?

Mzee wa Testa

Dada, toa hiyo ya 30 leo! Fyuzi ndogo inaungua ili waya usiungue, ukiweka kubwa, utakaoungua ni waya ndani ya bodi. Swichi mbovu haiunguzi fyuzi. Kuna waya umechubuka na unagusa chuma mahali. Je, ile taa ya tatu iko kwenye mlango wa buti?

Bibi Upanga

Ndiyo, juu ya mlango wa nyuma.

Mzee wa Testa

Basi anzia kwenye ule mpira wa waya kwenye bawaba. Waya zinakunjwa kila unapofungua, zinakatika ganda. Rudisha ya 10, mtu akukanyagie breki, wewe fungua na kufunga mlango taratibu.

Kaka Balbu

Mwenye uzi, nakubali nilikosea. Ila huhitaji hata hicho kidude. Tia bolti fupi na nati kwenye lile tundu, kichwa kiangalie swichi. Mimi natembea nayo mwaka wa pili.

Mzee wa Testa

Ya kukufikisha nyumbani sawa. Mimi siwezi kuiacha. Nati ikilegea inadondoka kwenye miguu yako, chini ya pedeli ya breki, na chuma kwa kipini cha plastiki ni kusagana tu.

Kaka Balbu

Nati ya kujifunga hailegei, mzee.

Mchovu wa Tabata

Mrejesho. Nimekwenda Gerezani na vile vipande kwenye karatasi, muuza spea kaviangalia, kacheka, katoa kijaluba kimejaa vidude hivyo. 3,000! Kimoja. Nimechukua viwili.

Nimelegeza nati ya swichi kwa spana namba 14, nikairudisha swichi nyuma mpaka pedeli ikapumua. Kidude nimekipaka maji ya sabuni, nikakisukuma kwa dole gumba, kikalia "tak". Halafu, kama Mzee alivyonielekeza pembeni, nimeingiza swichi mpaka mwili ukagusa kidude, nikairudisha robo mzunguko, nikakaza nati. Ndipo nikarudisha fyuzi. Nimeisogeza gari kinyumenyume hadi ukutani gizani. Nikiligusa tu pedeli ukuta unakuwa mwekundu, nikiachia giza. Gia inatoka. Honi inalia, nimeipiga mpaka mlinzi kaja.

Fundi nimempigia. Anasema 75,000 ni kazi aliyoifanya, na taa nilitaka zizime, zikazima. Swichi yangu ya zamani, ambayo haikuwa na ubaya wowote, kashamuuzia mtu mwingine. Jumamosi naenda na dereva wa bajaji, tumekuwa marafiki.

Ila rimu ya mbele kushoto bado ina joto kuliko ya kulia. Mzee?

Mzee wa Testa

Inua hiyo gurudumu, izungushe kwa mkono. Ikikataa, pedi imegandia au pistoni imechoka kwa zile siku nne. Usinunue kitu kabla hujaizungusha.

Bibi Upanga

Nimefungua na kufunga buti mara ishirini, fyuzi nzima. Nimeweka reverse tu, ikaungua.