Bechi ya mashine ya kadi haikufungwa, mauzo ya siku nne hayapo benki: tupeane uzoefu

Karani_wa_Jioni
Wakuu, naomba tupeane uzoefu kwenye hili. Nina taarifa ya benki mbele yangu na mauzo ya kadi ya Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu hayamo kabisa. Risiti za duka ninazo, nimezihesabu ni 67, zote zimeandikwa APPROVED. Karatasi ya mwisho ya kufunga mashine iliyopo kwenye faili ni ya Alhamisi, bechi namba 000118. Mashine imewekewa ijifunge yenyewe saa 5:30 usiku. Waliokutwa na hili, mlianzia wapi?

Mzee_wa_Daftari
Ikishaandika APPROVED hela ni yako, hiyo haina mjadala. Wikiendi benki hazihamishi. Subiri siku mbili tatu za kazi.

Fundi_wa_Mashine
Mzee, hapo umeshika nusu. APPROVED maana yake benki ya mteja imekubali na imezuia kiasi hicho kwenye akaunti yake. Kuzuia si kuhamisha. Mashine za aina hii hutunza kila muamala kwenye kumbukumbu yake, na dai linafika benki ya mwenye duka pale bechi inapofungwa. Isipofungwa, kizuizi kinakaa siku kadhaa kisha kinajiachia, na mteja anaona hela yake imerudi.

Tofauti na ucheleweshaji wa wikiendi ni hii: kwenye wikiendi karatasi ya kufunga ipo, hela ndiyo haijafika. Kwa Karani karatasi yenyewe haipo. Asisubiri hata siku moja zaidi.

Karani, usibonyeze SETTLEMENT kwanza. Chomeka mashine kwenye umeme, weka karatasi mpya, kisha ingia kwenye menyu ya ripoti uchape DETAIL REPORT na SUMMARY REPORT. Ya kwanza inaorodhesha muamala mmoja mmoja, ya pili inatoa idadi na jumla. Zipige picha papo hapo, karatasi ile ya joto hufifia. Mpaka umalize, usipokee kadi nyingine kwenye mashine hiyo. Na menyu ikikuonyesha CLEAR BATCH, usiiguse. Ile haifungi, inafuta.

Nusu_Saa
Jamani sisi kila usiku tunafunga, ripoti ya Z inatoka vizuri, hesabu inalingana. Mbona haijawahi kututokea? Karani, hukutoa Z?

Fundi_wa_Mashine
Nusu_Saa, Z inatoka kwenye rejista ya duka, haitoki kwenye mashine ya kadi. Rejista inajua umeuza nini na mteja alilipa kwa njia gani. Haina habari kama dai limeenda benki. Unaweza kutoa Z mwezi mzima na mashine ya kadi isifungwe hata mara moja.

Nusu_Saa
Lakini kwetu ukitoa Z mashine ya kadi nayo inachapa yake. Sisemi kitu nisichokijua.

Mhasibu_Kivuli
Kwenu vifaa hivyo viwili vimeunganishwa, rejista ndiyo inaipa mashine amri ya kufunga. Hilo lipo. Ila waya au programu ya kuunganisha ikilegea, Z itaendelea kutoka peke yake na hakuna atakayegutuka. Ndiyo maana karatasi ya kutazama ni ile ya mashine ya kadi, yenye namba ya bechi. Kesho namba isipoongezeka kwa moja, jana haikufungwa.

Nusu_Saa
Sawa, hapo nimekuelewa. Nitaangalia namba leo.

Karani_wa_Jioni
Nimechapa. Bechi 000119, inaonyesha mauzo 63, mawili yamefutwa, yanabaki 61. Risiti zangu ni 67, na hizo mbili zilizofutwa sikuzihesabu. Sita zimeenda wapi? Na kwa nini haikujifunga yenyewe?

Fundi_wa_Mashine
Nianze na kujifunga. Saa 5:30 usiku mashine lazima iwe imewaka na ina mtandao. Je, mnazima swichi kuu mkiondoka?

Karani_wa_Jioni
Ndiyo, tangu Ijumaa. Tuliagizwa tuzime kila kitu saa 3 usiku.

Fundi_wa_Mashine
Basi chanzo ni hicho. Zipo mashine ambazo zikiwashwa asubuhi hujaribu tena, na zipo zinazosubiri saa ileile ya usiku unaofuata, zikute tena zimezimwa. Yako ni ya kundi la pili. Isogeze saa ya kujifunga iwe kabla ya kuzima, au funga kwa mkono.

Zile sita: mashine yako ina benki ngapi ndani yake? Mashine nyingi hubeba benki mbili au zaidi, na kila moja ina bechi yake na namba yake. Ripoti uliyochapa ni ya ile ya kwanza tu. Rudi kwenye ripoti, safari hii ikikuuliza chagua ya pili.

Tatu_Bila
Wakuu, kuna kisa nakifahamu kwa karibu, nakiweka hapa kwa sababu Karani yuko hatua moja tu kabla yake. Duka lilikuwa na siku tano ambazo hazijafungwa. Waligundua hela haziji, wakapiga simu kulalamika kwamba mashine mbovu. Akaja mtu, akaijaribu, ikagoma kusoma kadi kwa chip, akawaachia mpya na kuondoka na ile ya zamani. Hakuna aliyeuliza bechi. Karakana waliipakia programu upya kama wanavyofanya kwa kila mashine inayorudi, kumbukumbu yote ikafutika. Miamala zaidi ya mia.

Kilichowaokoa ni nakala za duka. Kila risiti ilikuwa na namba ya idhini ya tarakimu sita, tarehe, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi na namba ya mashine. Benki ikawapa fomu ya kudai kwa mkono, mstari mmoja kwa muamala mmoja. Zile zenye risiti inayosomeka zililipwa. Risiti zilizokaa kwenye dashibodi ya gari juani zilikuwa nyeupe kabisa, hizo zikapotea.

Dada_Hesabu
Mungu wangu. Na wateja wa hizo nyeupe wakabaki na bidhaa na hela?

Tatu_Bila
Ndiyo. Kizuizi kilijiachia, hakuna dai lililofika.

Mzee_wa_Daftari
Si wangewaita wateja wapitishe kadi upya? Karani naye afanye hivyo tu, aanze upya na mashine safi.

Mhasibu_Kivuli
Hapana, Mzee, tafadhali. Karani bechi yake ipo nzima. Akipitisha upya halafu ile ya zamani ikafungwa, mteja anakatwa mara mbili, na duka litarudisha hela pamoja na kuingia kwenye malalamiko. Kupitisha upya ni baada ya benki kuthibitisha kwa maandishi kwamba muamala ule haukufika na hautafika, na mteja akubali.

Dada_Hesabu
Mimi langu ni tofauti kidogo. Kwetu nayo haikufungwa siku mbili, lakini baadhi ya mauzo yaliingia na mengine hayakuingia. Hilo linakuwaje?

Fundi_wa_Mashine
Dada, kuna kadi ambazo muamala wake hukamilika kwa ujumbe mmoja: idhini na makato vinaenda pamoja, mara nyingi ni zile za namba ya siri za mtandao wa ndani ya nchi. Hizo hazisubiri bechi. Nyingine hutumia ujumbe mara mbili, idhini sasa na dai baadaye. Hizo ndizo zilizobaki. Kwa hiyo ukiona hela kidogo zimeingia, usiseme mashine imejifunga.

Karani_wa_Jioni
Fundi, umeona mbali. Benki ya pili ina bechi 000041, mauzo 6. Sasa 61 na 6 ni 67. Nimefunga ya pili, imetoa SETTLEMENT SUCCESSFUL. Ya kwanza imekataa: inasema jumla hazilingani, na sasa imeandika BATCH UPLOAD na namba inapanda taratibu. Niizime?

Fundi_wa_Mashine
USIIZIME. Iache kwenye umeme, usiitembeze mbali na mtandao. Mashine ilituma idadi na jumla yake, seva ya benki ikalinganisha na ilichonacho, ikajibu kwa msimbo 95, yaani havilingani. Ndipo mashine inapopakia muamala mmoja mmoja ili seva ijaze pengo. Mtandao ukikatika katikati, ukirudi unafunga tena, inaanza kupakia upya. Je, kuna muamala wowote mliingiza kwa namba ya idhini mliyopewa kwa simu?

Karani_wa_Jioni
Upo mmoja, Jumapili mtandao ulipokuwa haupo.

Fundi_wa_Mashine
Huenda ndio huo. Uliwekwa ndani ya mashine, seva haukuwa nao. Mashine ina 61, seva ina 60.

Karani_wa_Jioni
Imemaliza! Imechapa mauzo 61, jumla inalingana na SUMMARY REPORT, na bechi mpya ni 000120.

Mhasibu_Kivuli
Vizuri. Sasa jiandae kwa taarifa ya benki. Usitafute kiasi cha Ijumaa, cha Jumamosi na kadhalika. Bechi moja huja kama kiasi kimoja, kikiwa kimeshakatwa ada, kwa tarehe ya leo au ya malipo yanayofuata. Zako zitakuwa mbili, ya 61 na ya 6. Andika namba zote mbili za bechi pembeni ya mauzo ya siku zile nne, la sivyo mkaguzi atakuuliza. Kwenye baadhi ya mikataba dai lililochelewa hutozwa ada ya juu, kwa hiyo linganisha asilimia na ya wiki iliyopita.

Dada_Hesabu
Na zile za Ijumaa, kama kizuizi kimeshajiachia na mteja ametumia hela?

Mhasibu_Kivuli
Dai linaenda tu, na mara nyingi linalipwa. Ila benki ya mteja ina haki ya kulirudisha kwa sababu ya kuchelewa, hasa kama akaunti haina kitu. Siku nne kwa kawaida ni salama.

Fundi_wa_Mashine
Mimi siwezi kusema salama. Muda wa idhini unategemea mtandao wa kadi na aina ya muamala. Karani, tunza risiti za Ijumaa peke yake kwenye bahasha, mpaka muda wa mteja kulalamika uishe. Uulize benki yako ni siku ngapi.

Mzee_wa_Daftari
Kwa hiyo kujifunga yenyewe kuondolewe kabisa, watu wafunge kwa mkono?

Nusu_Saa
Mkono husahau zaidi, Mzee. Iachwe ijifunge, mtu aangalie namba asubuhi.

Fundi_wa_Mashine
Mimi nafunga kwa mkono, na ya kujifunga nimeiacha kama akiba.

Karani_wa_Jioni
Nimesogeza saa iwe 2:40 usiku, na swichi ya mashine nimeitenganisha na ile kuu. Nimeona kitu kingine: saa ya mashine iko nyuma kwa dakika 50. Kwa hiyo hiyo 2:40 yake ni 3:30 yetu, tumeshaondoka. Menyu ya kurekebisha saa inataka namba ya siri ya msimamizi ambayo hatuna. Fundi, hiyo inaombwa benki au kwa aliyeleta mashine?